Hoja hii ni ya nani? Kauli tangulizi katika aya yenye waandishi wengi

Tangu utaratibu mpya wa ukaguzi wa tasnifu uanze kutumika, ofisi yetu imepokea malalamiko mengi kutoka kwa watahiniwa ambao kazi zao zimerudishwa kwa maelezo mafupi yasemayo: "Mwenye hoja hajulikani." Wengi wao wanaamini kuwa wameonewa, kwa sababu kila chanzo walichokitumia kimetajwa na orodha ya marejeleo imekamilika. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini kukamilika kwa marejeleo hakutoshi pale waandishi watatu au wanne wanapokutana katika aya moja, na ni marekebisho gani yanayokubalika.

Kauli tangulizi ni maneno mafupi yanayomtaja mwenye hoja kabla hoja yenyewe haijaanza: "Fulani (mwaka) anadai kuwa", "kwa mujibu wa Fulani", "Fulani anapinga". Mabano yanayowekwa mwishoni mwa sentensi hufanya kazi nyingine. Yanamwonyesha msomaji mahali pa kwenda kuhakiki, lakini hayamwambii hoja ya mwandishi huyo ilianzia wapi. Ikiwa sentensi tano zimepangwa mfululizo na mabano yenye majina matatu yamewekwa baada ya sentensi ya tano, msomaji ameachiwa kazi ya kugawa sentensi hizo kwa wenyewe, na hana kigezo cha kumwongoza.

Aya ifuatayo tumeitunga kwa ajili ya mafunzo, ila inafanana mno na zile tunazozirudisha. Inahusu mjadala wa karne ya 19 juu ya chanzo cha kipindupindu jijini London.

"Kipindupindu kiliua watu wengi zaidi katika maeneo ya chini kuliko katika maeneo ya mwinuko. Hewa chafu ndiyo iliyosababisha vifo hivyo. Nyumba zilizopata maji kutoka kampuni ya Southwark and Vauxhall zilikuwa na vifo 315 kwa kila nyumba 10,000, ilhali zilizohudumiwa na kampuni ya Lambeth zilikuwa na vifo 37. Anaeleza kuwa maji hayo yalichotwa sehemu ya mto yenye majitaka. Hata hivyo, ushahidi huo hautoshi, kwa kuwa ugonjwa hutegemea hali ya udongo (Farr, 1852; Pettenkofer, 1855; Snow, 1855)."

Katika mafunzo tunawapa watahiniwa penseli za rangi, rangi moja kwa kila mwandishi na moja kwa ajili ya mtahiniwa mwenyewe, kisha tunawaomba wapigie mstari kila sentensi kwa rangi ya mwenye hoja. Mtahiniwa mmoja aliifikia sentensi ya pili, akashika penseli ya Farr, akairudisha mezani, akashika ya kwake, kisha akauliza kama anaruhusiwa kutumia zote mbili. Hapo ndipo penye kasoro. Sentensi isiyopata rangi moja bila kusitasita haina mwenyewe, na mtahini atakwama palepale alipokwama yeye.

Sentensi ya kwanza na ya pili zote zinatokana na Farr, lakini hazina uzito mmoja. Kwamba vifo vilipungua kadiri makazi yalivyoinuka kutoka usawa wa mto ni jambo alilolipata kwa kuchambua takwimu. Kwamba hewa chafu ndiyo iliyoua ni tafsiri yake. Aya yetu imeitoa tafsiri hiyo bila jina na kwa kitenzi cha uhakika, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuamini kuwa anayesema hivyo ni mtahiniwa mwenyewe, tena leo. Tumewahi kuambiwa kuwa "mtahini anapaswa kuelewa tu". Mtahini hapaswi kubahatisha, na hafanyi hivyo.

Mwaka nao una kazi. Farr wa mwaka 1852 aliegemea hewa chafu, lakini katika ripoti yake ya mwaka 1868, iliyohusu mlipuko wa mwaka 1866, aliyaelekezea lawama maji ya kampuni iliyohudumia mashariki ya London. Anayeandika "Farr anaamini kuwa" bila mwaka anamfunga mtu kwenye msimamo alioubadilisha. Kwa waandishi walioandika kwa miaka mingi, jina bila mwaka si utambulisho kamili.

Sentensi ya nne ina kasoro ambayo miongozo mingi iliyotafsiriwa haiigusi, kwa kuwa inatokana na sarufi yetu. Kiambishi "a-" katika "anaeleza" kinamfaa mtu yeyote, awe mwanamume au mwanamke, awe Farr, Snow au Pettenkofer. Mahali palipo na mwandishi mmoja, "anaongeza kuwa" inatosha. Mara tu jina la pili linapoingia katika aya, kiambishi hicho hakimtambulishi mtu tena, na jina lazima lirudiwe, isipokuwa pale sentensi inapoendeleza moja kwa moja ile iliyotangulia. Watahiniwa wengi hulikwepa jina kwa kudhani kuwa kulirudia ni udhaifu wa mtindo. Katika mapitio ya machapisho, jina la Snow likitajwa mara nne katika aya moja halimkeri mtahini. Kinachomkera ni kurudi nyuma sentensi tatu kumtafuta mtendaji wa kitenzi.

Wengine hukwepa jina kwa kutumia "inasemekana", "imebainika" au "imethibitishwa". Vitenzi hivi havina mtendaji. "Imebainika" hutangaza kwamba jambo limekwisha kuwa kweli kwa kila mtu, na hivyo huvuka mipaka ya kile ambacho chanzo kimoja kinaweza kudai. Hatuvikatazi vitenzi hivyo kabisa, lakini ndani ya aya yenye mabishano tunashauri visitumike.

Sentensi ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote. "Hata hivyo" ni pingamizi: nani anayepinga? "Ushahidi huo hautoshi" ni hukumu: nani anayehukumu? Na baada ya "kwa kuwa" inafuata sababu, ambayo inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Tulipomwuliza mtahiniwa wetu wa penseli, alijibu kuwa yote ni ya Pettenkofer. Baadaye alikiri kuwa alichokisoma kwa Pettenkofer ni hoja ya udongo peke yake. Hukumu dhidi ya Snow aliichukulia kuwa imo ndani yake. Kwa maneno mengine, alikuwa karibu kumbebesha mwandishi kauli ambayo hakuwa ameisoma popote.

Aya yetu, kama mtahiniwa huyo alivyoirekebisha, inasomeka hivi:

"Farr (1852), akichambua takwimu za vifo vya mlipuko wa mwaka 1848 na 1849, alibaini kuwa kipindupindu kiliua watu wengi zaidi katika maeneo ya chini ya London kuliko katika maeneo ya mwinuko, na akauhusisha mpangilio huo na hewa chafu. Snow (1855) anakitafuta chanzo katika maji. Kwa wiki saba za kwanza za mlipuko wa mwaka 1854, anaripoti vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 zilizohudumiwa na kampuni ya Southwark and Vauxhall, na 37 kwa zile za kampuni ya Lambeth. Snow anaieleza tofauti hiyo kwa mahali maji yalipochotwa, kwani kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia machoteo yake juu zaidi ya mto, mbali na majitaka ya jiji. Pettenkofer (1855), kwa upande wake, anashikilia kuwa ugonjwa hauwezi kuenea mahali pasipo na udongo wa aina inayoufaa. Kwa maoni ya mwandishi wa tasnifu hii, hoja ya udongo haielezi kwa nini nyumba za mtaa mmoja, zilizojengwa juu ya udongo uleule, zilitofautiana kwa kufuata kampuni ya maji."

Msomaji ataona kuwa hukumu ya mwisho imegeuka. Hatukumwelekeza mtahiniwa kufanya hivyo. Alipolazimika kusema "kwa maoni ya mwandishi wa tasnifu hii", aligundua kuwa hakuwa na sababu ya kuitetea hukumu iliyokuwa katika aya yetu, akarudi kwa Snow, akaona kuwa mabomba ya kampuni hizo mbili yalipita katika mitaa ileile. Ionekane pia kuwa sentensi ya tatu haikurudia jina: inaendeleza moja kwa moja sentensi iliyotangulia, na hakuna mwandishi mwingine aliyeingilia kati. Hatudai jina katika kila sentensi, ila pale msemaji anapobadilika, na pale hoja inapotoka katika takwimu kwenda katika tafsiri.

Kitenzi kichaguliwe kwa kadiri ya chanzo. "Alibaini" na "anaonyesha" hubeba kibali cha mtahiniwa, yaani anakubali kuwa jambo hilo lipo. "Anadai" na "anashikilia" huacha nafasi ya kupinga. "Anakiri" hutumika tu pale mwandishi anapokubali jambo lisilomfaa. Tumekutana na tasnifu ambamo kila mwandishi "anakiri", kwa sababu tu mtahiniwa alichoka na "anasema". Kuchoka na "anasema" si sababu. Kitenzi hicho hakina kosa.

Aliyemsoma Farr ndani ya kitabu cha Snow pekee, na Snow kweli anamjadili Farr kuhusu mwinuko, aandike "Farr, kama anavyonukuliwa na Snow (1855)". Kuandika "Farr (1852)" kama vile ripoti yenyewe imefunguliwa ni kutoa taarifa isiyo ya kweli kuhusu usomaji wako.

Kuhusu programu ya kupima ufanano wa maandishi, ambayo hutajwa karibu katika kila lalamiko: programu hiyo hulinganisha mfuatano wa maneno. Haijui hoja ni ya nani. Tasnifu inaweza kupata asilimia ndogo kabisa ya ufanano na bado ikarudishwa, na kuambatisha ripoti hiyo kwenye rufaa hakubadilishi chochote.

Kazi iliyorudishwa kwa sababu hii hushughulikiwa kama ifuatavyo. Mtahiniwa hujaza fomu ya marekebisho yenye safu tatu: namba ya ukurasa, aya kama ilivyokuwa, na aya kama ilivyo sasa. Safu ya pili isifupishwe kwa alama ya dukuduku, kwa sababu mkaguzi hulinganisha sentensi kwa sentensi. Msimamizi hutia saini kila ukurasa wa fomu, si ukurasa wa mwisho pekee. Fomu isiyo na saini zote hairudishwi kwa mtahiniwa bali kwa idara yake, jambo ambalo huongeza muda wa kusubiri. Urejeshaji wa kwanza hauhesabiwi kuwa kosa la kinidhamu. Kasoro ileile ikijirudia baada ya marekebisho, kazi hupelekwa mbele ya jopo, ambalo linaweza kuagiza sura nzima iandikwe upya. Pale jopo litakaporidhika kuwa hoja ya mwandishi mwingine imewasilishwa kwa makusudi kama ya mtahiniwa, shauri huacha kuwa la uhariri na hushughulikiwa chini ya kanuni za wizi wa kitaaluma, ambapo adhabu zinaweza kufikia kufutwa kwa usajili.

Penseli hazitolewi na ofisi kwa matumizi ya nyumbani. Rangi zozote zitafaa, mradi ya mtahiniwa mwenyewe iwe tofauti na nyingine zote na ionekane angalau mara moja katika kila aya ya mjadala.