Kabla ya kumpa dereva nyota moja, soma saa iliyoandikwa kwenye kibali cha geti

Maoni mengi ninayoyasoma kuhusu kampuni za safari za Arusha yanamhukumu mtu mmoja: aliyeshika usukani. Sababu inaeleweka. Mgeni ameshinda naye tangu alfajiri, amekula naye chakula cha boksi chini ya mgunga, jina lake analijua. Aliyepanga ratiba na kulipia hifadhi hajawahi kumtia machoni. Mimi nimekaa miaka mingi upande huo usioonekana, ofisini, kwenye ratiba na malipo ya mageti, na najua kwamba mengi yanayomkera mgeni porini yaliamuliwa mezani wiki kadhaa kabla hajapanda ndege.

Binamu yangu anayefanya kazi ya uuguzi Hamburg alikuja na wenzake watatu, Wajerumani, kwa safari ya siku tatu: Tarangire, Serengeti, Ngorongoro. Aliporudi mjini alinitumia kwa wasapu maoni aliyotaka kuyachapisha. Nyota moja. Dereva anaharakisha watu, gari bovu, wizi wa pesa, hata kwa duma alikataa kutusogeza karibu. "Kaka, nisomee kama Kiingereza changu kimekaa sawa," akaniandikia. Kiingereza kilikuwa sawa. Nikamwomba kitu kingine: picha za risiti za mageti, ankara aliyolipia, na ratiba aliyotumiwa kabla ya kulipa chochote.

Nilianza na risiti kwa sababu Serengeti inauzwa kwa saa. Kibali kinahesabu saa 24 tangu dakika unayoingia getini, na saa hiyo imeandikwa juu yake. Ukipitiliza, unalipia siku nyingine. Kwa viwango vya 2024, mgeni asiye Mwafrika Mashariki alilipa dola 70 msimu wa juu, na kodi ya asilimia 18 ikafikisha dola 82.60. Kwa hiyo kampuni inayokuandikia "siku ya 2 na ya 3: Serengeti" inaweza kuwa imekununulia siku mbili, au imenunua saa 24 zilizokatwa vipande viwili. Kwenye karatasi ya ratiba zote mbili zinafanana kabisa.

Risiti ya binamu ilisema waliingia geti la Naabi saa 6:40 mchana. Kibali kilikuwa kimoja, cha saa 24. Maana yake kesho yake saa 6:40 lazima wawe wametoka, na baada ya kutoa mwendo wa kwenda na kurudi Seronera, katikati ya hifadhi walikolala, usiku na milo, walibakiwa na alasiri moja na asubuhi moja ya kutazama wanyama. Hiyo ndiyo "Serengeti ya siku mbili" waliyonunua. Dereva aliyewaondoa kwenye chui saa 4:45 asubuhi, chui akiwa bado juu ya tawi na wageni wanamsihi, alikuwa anaiangalia saa ambayo hakuipanga yeye.

Lakini kwa nini waliingia saa 6:40, wakati Karatu, walikolala usiku wa kwanza, waliondoka saa 1 asubuhi? Hapo binamu alikumbuka jambo ambalo hakuliandika. Geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, walikaa saa moja na nusu. Dereva alikuwa anaingia na kutoka dirishani, simu sikioni, huku magari yaliyofika nyuma yao yakipita. Foleni ya kawaida inawakamata wote. Gari moja likibaki huku mengine yakipita, mara nyingi ofisi haijalipa: namba ya malipo imetoka lakini pesa haijaingia, na bila hiyo hakuna kibali. Niliwahi kuwa mtu wa upande wa pili wa simu hizo, nazijua. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa siku hiyo, ndiyo maana nilimshauri aandike alichokiona tu: tulisubiri saa moja na nusu Lodoare, magari mengine yalipita, dereva alikuwa akiongea na ofisi kuhusu malipo. Msomaji anayeijua kazi atajaza mwenyewe.

Baada ya Lodoare ikaja pancha, ambayo kwenye maoni yake iligeuka "gari bovu". Hili nililikataa. Barabara kati ya Ngorongoro na Naabi ni changarawe yenye matuta madogo yanayotikisa hadi meno, na tairi zima linaweza kupasuliwa na jiwe. La kuuliza ni kilichofuata. Je, kulikuwa na tairi la akiba, na la pili nyuma yake? Jeki ilikuwepo na inafanya kazi? Dereva alichagua mahali peupe, akatazama pande zote kabla ya kuwashusha? Majibu yote yalikuwa ndiyo, na kazi ilichukua nusu saa. Hiyo ni alama nzuri kwa gari na kwa dereva, na inastahili kuandikwa kwa uzito uleule ambao lawama ingeandikwa.

Jambo la usalama lililonishtua lilikuwa kwingine, na yeye alilitaja kama mzaha: "Asubuhi ile tulipaa kama ndege." Kutoka kwenye chui walirudi kambini kuchukua mizigo na kulipia vinywaji, chai ikachelewa, wakaondoka saa 5:50. Kutoka Seronera hadi Naabi ni kama kilomita 45 hivi, na mwendo unaoruhusiwa ndani ya hifadhi ni kilomita 50 kwa saa. Walibakiwa na dakika 50. Hata ukishika mwendo wa juu kabisa wa halali bila kupunguza kwa ajili ya twiga, huwahi. Mmoja wao aliyekaa mbele aliona mshale umefika 80, huku wenzake wawili wamesimama kwenye paa lililofunguliwa, hakuna aliyewaambia waketi wala wafunge mikanda.

Hapo ndipo dereva anapobeba lawama yake halali. Ofisi ilimbana, sawa. Hata hivyo mguu ni wake, na alikuwa na njia mbili nyingine: kupiga simu kuomba kampuni ilipie muda wa ziada, au kuwaeleza wageni tangu jioni kwamba asubuhi mizigo inapanda garini kabla ya kutoka. Ukiandika maoni yenye haki, ya ofisi na ya dereva yaandike katika sentensi tofauti. Madereva wengi wa Arusha ni wa kukodishwa kwa safari, na jina lao likishapakwa matope mtandaoni ndilo linalokosa kazi msimu unaofuata. Kampuni inaweza kubadilisha dereva, na ikibidi hata jina lake yenyewe.

Kuhusu duma, nilimwambia afute. Kuacha barabara kumfuata mnyama kumekatazwa Serengeti, na dereva aliyekataa wakati wageni wanne wanamshinikiza na bahasha ya bakshishi ya mwisho wa safari iko mikononi mwao, amefanya kazi yake vizuri kuliko wengi.

Tukabaki na pesa, na hapa nilitaka kila shilingi iwe na karatasi yake. Kipimo changu ni kimoja: kabla ya kulipa malipo ya awali, mgeni angeweza kuijua gharama hii kwa kusoma alichotumiwa? Vinywaji vya kambini, bahasha ya dereva na puto la asubuhi vyote vilikuwa vimeorodheshwa chini ya "havimo kwenye bei". Kuvilalamikia ni kutosoma. Pale dereva alipowaambia kwamba wakitaka kubaki na chui hadi alasiri kila Mjerumani aongeze dola 82.60, wao walisikia tapeli anaongea. Alikuwa anataja ada ya hifadhi kama ilivyo, bila kuongeza hata senti.

Kreta ya Ngorongoro ni hadithi nyingine. Kwa siku hiyo ya 3 ratiba iliongeza "Ngorongoro, kisha Arusha", na chini yake "ada zote za hifadhi zimelipwa". Usiku wa Seronera dereva alipokea ujumbe kutoka ofisini, akawaambia kuna dola 295 za kushuka kreta, walipe wao. Ada hiyo ipo kweli: dola 250 na kodi, inatozwa kwa gari kila linaposhuka, mbali na kiingilio cha kila mtu. Kwa watu wanne ni karibu dola 74 kila mmoja; kwa wawili ingekuwa mara mbili yake. Wakala yeyote wa Arusha anaijua kama anavyojua jina la mama yake. Kuiacha nje huku umeandika "ada zote" ni kuficha gharama, na hapo neno "wizi" la binamu lilikuwa kali tu, halikuwa la uongo. Na bado walishuka alasiri, wakati magari yote yanatakiwa yawe yametoka kreta kufikia saa 12 jioni, kwa hiyo kwa dola 295 walipata saa zisizofika tatu.

La mwisho hakuliona yeye kabisa. Anatembelea pasipoti ya Tanzania, na nakala yake aliituma ofisini kabla hajapewa bei. Mtanzania mtu mzima Serengeti alilipa shilingi 10,000 na kodi, yaani 11,800. Risiti ya geti inataja daraja la kila mgeni, na yeye alikuwa ameandikwa raia wa Afrika Mashariki, vizuri kabisa. Lakini ankara ya kampuni ilimtoza bei ileile ya Wajerumani, na tofauti ya dola zaidi ya 70 kwa Serengeti peke yake ikabaki ofisini. Ndugu zangu mlio Ulaya, Marekani na Ghuba mnaorudi na wageni, linganisheni karatasi hizi mbili. Aliyekwishabadilisha uraia hana dai hili. Pasipoti ndiyo inayosomwa getini, si kabila.

Kabla ya kuchapisha aliiandikia kampuni, akaambatisha risiti, akawapa siku saba. Walijibu siku ya tano: tofauti ya kiingilio watairudisha, ada ya kreta "ilielezwa kwa simu". Yeye hakumbuki simu hiyo, na kwenye barua pepe haimo. Akachapisha nyota mbili kwa maneno haya, na ruhusa ya kuyaweka hapa amenipa:

"Safari ya siku 3, wageni 4, gari moja. Serengeti tulipewa kibali kimoja cha saa 24 (kuingia Naabi 6:40 mchana), kwa hiyo 'siku mbili' za ratiba ni alasiri moja na asubuhi moja. Uliza idadi ya saa kabla ya kulipa. Tulisubiri Lodoare kwa muda wa saa moja na nusu huku dereva akizungumza na ofisi kuhusu malipo. Tulitozwa dola 295 za kreta safarini ingawa ratiba ilisema ada zote zimelipwa. Kampuni inasema ilieleza kwa simu, mimi sina kumbukumbu wala maandishi. Mtanzania nilitozwa kiingilio cha mgeni, wameahidi kunirudishia. Dereva anajua wanyama, alishughulikia pancha kwa utulivu na alikataa kuacha barabara. Siku ya 3 alikwenda 80 hifadhini wawili wetu wakiwa wamesimama, ili kuwahi geti. Gari lilikuwa zima, lina matairi mawili ya akiba."

Nyota ya tatu ameiacha wazi hadi pesa ya kiingilio ifike. Jina la dereva hakulitaja. Jambo la mwendo alimwandikia yeye mwenyewe, pembeni.