Proksi kwenye laptopu ya zamani: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Chukua mfano huu. Mahojiano yamerekodiwa kwa simu mbili, jumla dakika 40 za video ya 4K, fremu 30 kwa sekunde, kodeki ya HEVC. Faili zote pamoja ni takriban GB 7. Laptopu ina prosesa ya viini viwili, RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka. Ukibonyeza kucheza ndani ya programu ya kuhariri, sauti inakwenda lakini picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Ukikata mahali, unasubiri sekunde mbili kuona ulikata wapi. Mashine hii inaweza kumaliza kazi hiyo bila kubadilishwa hata skrubu moja, kwa kutumia proksi, yaani nakala nyepesi za video unazohariria badala ya faili asili, ila kwanza kuna mambo yanayoaminiwa juu yake ambayo yanafaa kuondolewa njiani.

"Faili dogo ndilo jepesi kwa kompyuta"

Hili ndilo kosa mama, na mengine mengi yanatoka hapa. Mtu anaona GB 7 tu kwa dakika 40 na kujiuliza kwa nini laptopu inahema. Inahema kwa sababu faili ni dogo.

Kodeki kama H.264 na HEVC hubana video kwa kutohifadhi kila fremu. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha kwa fremu nyingi zinazofuata huandika tu kilichobadilika, tena mabadiliko hayo yanaweza kurejelea fremu iliyotangulia au hata itakayokuja baadaye. Sasa wewe unasogeza kishale hadi fremu ya ishirini na tatu ya kundi hilo. Programu haiwezi kuirukia. Inarudi kwenye fremu kamili iliyo karibu, inajenga upya zile inazozitegemea, halafu ndipo ikuonyeshe hiyo moja. Ukisogeza kishale nyuma, kazi inaanza upya. Na kila fremu ya 4K ina pikseli karibu milioni 8.3.

Proksi nzuri hufanya kinyume. Hutumia kodeki kama ProRes Proxy, DNxHR LB au MJPEG, ambapo kila fremu inajitegemea. Programu inachukua fremu unayoitaka, inaifungua, basi. Na tukiishusha picha hadi 1280 kwa 720, pikseli zinabaki kama 920,000, yaani sehemu moja ya tisa.

Hesabu ya nafasi inashangaza wengi. ProRes Proxy ya 720 kwa fremu 30 hula takriban megabiti 20 kwa sekunde. Dakika 40 ni sekunde 2,400, kwa hiyo megabiti 48,000, sawa na GB 6. Ongeza sauti isiyobanwa, inafika kama GB 6.5. Karibu sawa na faili asili! Ukitengeneza proksi za 1080, kasi inapanda hadi megabiti 45 hivi kwa sekunde na jumla inapita GB 13, karibu mara mbili ya asili, na bado zitacheza laini kuliko zile za HEVC. Prosesa inachoka kwa kufungua fumbo, wala si kwa wingi wa baiti. Diski nayo haisumbuki: megabiti 20 ni megabaiti 2.5 tu kwa sekunde, na hata diski ya zamani inayozunguka husoma makumi ya megabaiti kwa sekunde.

Ndiyo maana mtu anayepunguza video zake kuwa H.264 ya 720 ili "zisijaze diski" hupata nusu ya faida. Pikseli zimepungua, lakini fumbo limebaki palepale.

"Kama inacheza vizuri kwenye VLC, shida iko kwenye programu ya kuhariri"

Kicheza video kinakwenda mbele tu, faili moja, na mara nyingi kinaikabidhi kazi sakiti maalumu iliyo ndani ya chipu ya picha. Kuhariri ni kurukaruka, kurudi nyuma, na kufungua klipu mbili kwa pamoja. Tena sakiti hiyo ina mipaka yake: kwa prosesa za Intel, HEVC ya biti 8 iliingia kwenye kizazi cha 6, na ya biti 10 kwenye kizazi cha 7. Laptopu yenye kizazi cha 3 au cha 4 inaifungua HEVC yote kwa nguvu za prosesa peke yake.

"Nikishusha ubora wa onyesho, sihitaji proksi"

Kdenlive ina kitufe cha kushusha onyesho hadi 540 au 360, na programu nyingine zina nusu na robo. Kitufe hicho kina faida yake, hasa ukiwa na rangi na athari juu ya klipu, kwa sababu zinakokotolewa kwa picha ndogo. Lakini kwa H.264 na HEVC, fremu inafunguliwa kwanza kwa ukubwa wake wote wa 4K, kisha ndipo inapunguzwa. Gharama kubwa umeshailipa. Tumia vyote viwili, ila ujue kipi kinabeba mzigo.

"Proksi zitaharibu ubora wa video ya mwisho"

Hapana. Proksi ni nakala ya kuangalizia. Mikato yako inaandikwa kama namba za muda, na wakati wa kurenda, yaani kutoa video ya mwisho, programu inarudi kwenye faili asili. Kwenye Kdenlive unaziwasha kwa `Project > Project Settings`, kichupo cha `Proxy`. Klipu zilizokwisha tengenezewa zinaonyesha herufi `P`. Dirisha la kurenda lina kisanduku cha `Render using proxy clips`. Kiache bila alama.

Hofu hii haikutoka hewani, maana kuna anayekitia alama ili aone rasimu haraka, anasahau, na video inatoka na ukungu. Kuigundua ni rahisi: simamisha video iliyotoka kwenye sura ya mtu au maandishi madogo, uilinganishe na fremu ileile ya faili asili. Kuangalia namba za ukubwa wa picha hakutoshi. Faili linaweza kuandikwa 3840 kwa 2160 huku ndani yake kuna picha ya 720 iliyovutwa.

Faili asili usizifute, usizihamishe, usizibadilishe majina. Zikikosekana, siku ya kurenda hutakuwa na kitu cha kurudi.

"Nakala yoyote iliyopunguzwa inafaa kuwa proksi"

Ukiiachia programu itengeneze yenyewe, mengi hapa hayakuhusu. Lakini kwenye mashine dhaifu ni afadhali kutengeneza kwa `ffmpeg`, programu ya kubadilisha video kwa amri za kuandika, huku programu ya kuhariri ikiwa imefungwa, ili RAM yote ibaki kwa kazi hiyo, kisha uziunganishe. DaVinci Resolve kwa mfano ina `Link Proxy Media`. Tengeneza kwanza folda iitwayo `proksi`, kisha amri ni hii:

```
ffmpeg -i A012.mp4 -vf scale=1280:720 -c:v prores_ks -profile:v 0 -c:a pcm_s16le proksi/A012.mov
```

Video ya wima iandikie `720:1280`, la sivyo watu watatoka wafupi na wanene. Jina libaki lilelile, urefu uwe uleule, fremu kwa sekunde zilezile, na idadi ya chaneli za sauti isibadilike. Ukiondoa sauti ili kuokoa nafasi, Premiere kwa mfano itakataa kuiunganisha.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye video za simu. Simu nyingi hazirekodi fremu 30 kamili kila sekunde. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, kasi inayumba. Programu ya kuhariri inataka kasi thabiti. Proksi ikihesabu fremu tofauti na faili asili, unakata vizuri kabisa kwenye proksi, halafu video iliyorendwa inatoka na mikato iliyosogea. Dalili yake ni kwamba mwanzoni midomo na sauti vinalingana, na kadiri klipu inavyokwenda vinaachana. Pima kabla ya kuanza:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=r_frame_rate,avg_frame_rate A012.mp4
```

Namba mbili zikilingana, endelea. Zikitofautiana, kwa mfano ya kwanza ni `30/1` na ya pili ukiigawanya inatoa 29.4, kwanza tengeneza folda iitwayo `thabiti`, kisha usawazishe faili asili:

```
ffmpeg -i A012.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -preset veryfast -c:a copy thabiti/A012.mp4
```

Hilo jipya ndilo linakuwa asili ya mradi, na proksi zitoke humo. Mimi nilijifunza utaratibu huu kwa kuukosea: nilitengeneza proksi kwanza, nikahariri mahojiano yote, na nilipofika kusawazisha nikakuta mikato yote haishiki tena.

"Proksi hufupisha kazi nzima"

Zinafupisha kuhariri. Kuzitengeneza na kurenda bado ni kazi ya prosesa ileile. Dakika 40 kwa fremu 30 ni fremu 72,000. Laptopu yetu ikimudu fremu 8 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 9,000, yaani saa mbili na nusu. Iache usiku, ichomekwe umeme, uizuie isilale, na isiwe juu ya godoro, kwani ikipata joto prosesa inajipunguzia kasi na saa mbili na nusu zinakuwa nne. Kurenda nako kunafungua tena faili asili, kwa hiyo usitarajie nafuu huko.

Proksi pia haziponyi mkwamo usiotokana na kufungua video. Jaribio lake ni fupi: weka klipu moja ya proksi kwenye taimlaini bila athari yoyote, icheze huku ukitazama matumizi ya prosesa, RAM na diski. Ikienda laini, kisha ikaanza kukwama ulipoongeza kupunguza chengachenga au kutuliza mtikisiko, tatizo ni athari hiyo. Izime mpaka mwisho. Kama RAM imejaa na taa ya diski haizimiki, kompyuta inatumia diski badala ya RAM, na hapo kufunga kivinjari chenye vichupo ishirini kunasaidia kuliko proksi yoyote.

Kuna kazi ambazo hazifanyiki juu ya proksi hata zikicheza laini vipi. Kuhakiki kama jicho la mhojiwa limo ndani ya fokasi, kunoa picha, kupunguza chengachenga, kukata mandhari ya kijani: zote hizo zinategemea pikseli ambazo proksi imeshazitupa. Kwenye mahojiano yale, mikato yote ilifanywa kwa proksi. Zilipofika klipu sita zilizohitaji kunolewa, proksi zilizimwa kwa hizo sita tu, zikatazamwa fremu mojamoja bila kubonyeza kucheza, kisha zikawashwa tena.