Barua ya kukataliwa rufaa kazini: kilichoisha ni kipi?

Kila mtu akiachishwa kazi na rufaa yake ikagonga mwamba nasikia maneno yaleyale, "barua imesema mchakato umekamilika, basi tena". Hapana jamani, hiyo barua haisemi hivyo.

Kwa kifupi, ni barua ambayo mwajiri anakuandikia baada ya kusikiliza rufaa yako, anataja hoja ulizoleta, anasema uamuzi wa kukuachisha unabaki palepale, halafu anamalizia kwamba taratibu za ndani zimefika mwisho. Za ndani. Hapo ndipo watu wanaporuka. Kampuni inakwambia yenyewe haina tena meza ya kukusikiliza, lakini haina mamlaka ya kukufungia mlango wa nje, na kwa Tanzania bara huo mlango ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Na sio tu kwamba mlango uko wazi, barua yenyewe ndo inaanzisha saa. Kanuni za mwaka 2007 zinatoa siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi, zinahesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuthibitisha kuachishwa huko. Chukua keshia aliyeachishwa tarehe 10 Februari kwa sababu ya upungufu wa hela kwenye droo, akakata rufaa, jibu likatoka tarehe 4 Machi. Akihesabu kutoka hilo jibu siku yake ya mwisho ni 3 Aprili, na Jumamosi na Jumapili zimo humohumo, kwahiyo anayekaa nyumbani akiamini mambo yameisha anazila siku zake mwenyewe. Akichelewa itabidi ajaze na fomu CMA F.2 kuomba aruhusiwe, aeleze sababu ya kila siku iliyopita, na "sikujua" huwa haimfikishi mtu mbali.

Sasa ile sehemu ya hoja, ambayo wengi wanairuka kwa hasira, isome taratibu. Tuseme yule keshia alilalamika mambo mawili: kwamba aliitwa jioni na kikao cha nidhamu kikakaa kesho yake asubuhi, wakati kwa kawaida mtu anatakiwa apewe angalau saa 48 za kujiandaa, na kwamba mwenzake mwenye kosa kama lake alipewa onyo tu. Barua ikajibu la onyo, la muda ikalikalia kimya. Huo ukimya ni wa kuuandika kwenye fomu CMA F.1, ile ya kupeleka mgogoro, maana kule mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuachisha kihalali, kwa sababu na kwa utaratibu.

Kwahiyo ndugu yako akikuonyesha hiyo barua usimpe pole ya kesi kuisha, muulize imeandikwa tarehe ngapi.