Timu 11, mchoro mmoja: dhana potofu kuhusu timu zinazopita bila kucheza

Timu 11 zimejiandikisha. Kamati inataka bingwa, na mezani kuna karatasi mbili. Moja ni mchoro wa mtoano, ambao mistari yake inaungana miwili miwili hadi fainali. Nyingine ni jedwali la ligi, ambamo kila timu inakutana na kila timu. Namba 11 inasumbua kote kuwili, lakini kwa namna tofauti kabisa, na makosa mengi ya upangaji hutokea pale watu wanapochukua dawa ya ugonjwa mmoja na kutibia mwingine.

Dhana: Timu zikiwa shufwa hakuna anayepita bila kucheza. Zikiwa witiri, moja inakaa pembeni kila raundi.

Hili ndilo kosa linaloharibu mashindano mengi kuliko jingine lolote, kwa sababu mwanzoni linaonekana kuwa na mantiki. Mechi inahitaji timu mbili, kwa hiyo 11 zitatoa mechi 5 na moja itapumzika. Sawa. Washindi 5 na ile iliyopumzika wanakuwa 6, wanacheza mechi 3. Wanabaki 3, na hapo mambo yanakwama: wawili wanacheza nusu fainali, wa tatu anaingia fainali akiwa amekaa. Bahati ya kura ikimwangukia yule yule aliyepumzika raundi ya kwanza, ataingia fainali akiwa amecheza mechi moja tu, wakati mpinzani wake amecheza tatu.

Timu 10 ni namba shufwa, na tatizo liko vile vile. 10 huwa 5, halafu 3, halafu 2, na njiani kuna mapumziko mara mbili. Kumbe kinachotakiwa katika mtoano ni namba inayogawanyika nusu kwa nusu hadi ifike 1, yaani 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea. Ushufwa peke yake hautoshi.

Hesabu sahihi ni fupi. Tafuta namba ya aina hiyo iliyo sawa na idadi ya timu au inayofuata juu yake, kisha toa idadi ya timu. Kwa timu 11 namba ni 16, na 16 − 11 = 5. Timu 5 zinapita raundi ya kwanza bila kucheza, na 6 zilizobaki zinacheza mechi 3. Washindi 3 wakiungana na zile 5 wanakuwa 8, na kuanzia robo fainali hakuna tena nafasi tupu. Upungufu wote umemalizwa mwanzoni, mahali ambapo kupita bila kucheza kuna uzito mdogo zaidi.

Dhana: Nafasi za kupita hupunguza idadi ya mechi.

Hazipunguzi hata moja. Kila mechi ya mtoano inatoa timu moja, na ili abaki bingwa mmoja kati ya 11 lazima zitolewe 10. Mechi ni 10, upange utakavyopanga: 3 za awali, 4 za robo, 2 za nusu na 1 ya fainali. Hata ile njia mbovu ya hapo juu ina mechi 5, 3, 1 na 1, jumla 10. Ukiongeza ya mshindi wa tatu zinakuwa 11. Ukihesabu mechi kwenye mchoro wako ukapata namba nyingine, kuna timu uliyoirudia au uliyoisahau.

Dhana: Wanaopita waandikwe juu ya karatasi, wanaocheza waandikwe chini.

Mchoro unapendeza ukipangwa hivyo, na hapo ndipo unapodanganya. Mchoro wa mtoano una nusu mbili ambazo hazikutani hadi fainali. Ukiziweka timu 5 zinazopita kuanzia juu, nusu ya juu itajaa timu 4 ambazo zote zimepita, na nusu ya chini itakuwa na timu 7: moja iliyopita na 6 zinazocheza mechi za awali. Mshindi wa juu atafika fainali kwa mechi 2. Mshindi wa chini, akitoka miongoni mwa wale 6, atahitaji 3. Kama mechi zinachezwa kwa siku chache mfululizo, tofauti hiyo ya mechi moja utaiona miguuni mwa wachezaji dakika za mwisho za fainali.

Dawa ni kuzitawanya. Zipe timu namba kuanzia 1 hadi 11, kwa ubora wa msimu uliopita au kwa kura ya hadharani kama hakuna kigezo. Kisha chora nafasi 16 kana kwamba timu zote 16 zipo, kwa namna ambayo namba mbili zinazokutana raundi ya kwanza zinajumlika kuwa 17: 1 na 16, 2 na 15, 3 na 14, na kuendelea. Namba 12 hadi 16 hazina timu, kwa hiyo wapinzani wao, ambao ni 1 hadi 5, wanapita. Mchoro unakuwa hivi:

```
NUSU YA JUU
  Robo A:  1 (anapita)  v  mshindi wa 8 v 9
  Robo B:  4 (anapita)  v  5 (anapita)
NUSU YA CHINI
  Robo C:  3 (anapita)  v  mshindi wa 6 v 11
  Robo D:  2 (anapita)  v  mshindi wa 7 v 10
```

Juu kuna timu 5, chini kuna 6. Usawa zaidi ya huo haupatikani kwa namba 11. Angalia pia kwamba 1 na 2 hawawezi kukutana kabla ya fainali. Na robo B, inayokutanisha timu mbili ambazo zote zimepita, si kosa la uchoraji. Nafasi za kupita ni 5 na robo fainali ni 4, hivyo robo moja lazima ibebe mbili. Anayekuletea mchoro wa timu 11 usio na robo ya namna hiyo amekosea mahali.

Dhana: Kupita bila kucheza ni ushindi wa mezani wa mabao 3-0.

Hivi ni vitu viwili. Ushindi wa mezani unatolewa pale mechi iliyopangwa inaposhindwa kuchezwa kwa kosa la upande mmoja, na 3-0 ndiyo hesabu iliyozoeleka katika kanuni za soka. Anayepita bila kucheza hakuwa na mpinzani, kwa hiyo hakuna mechi, hakuna bao. Jambo hili lina matokeo mawili. Kama kuna tuzo ya mfungaji bora au timu yenye mabao mengi, timu zinazopita zina mechi moja pungufu ya kufunga, na kamati iseme mapema kama itahesabu jumla au wastani wa kila mechi. Pili, mchezaji anayetumikia adhabu ya kukosa mechi moja hawezi kudai ameshaitumikia raundi ambayo timu yake haikushuka uwanjani.

Vitu hivi viwili hukaribiana pale timu inapojitoa baada ya droo. Kombe la Dunia la 1938 lilipangwa kwa mtoano wa timu 16. Austria ikaunganishwa na Ujerumani mwezi Machi mwaka huo na timu yake ikatoweka mashindanoni, na nafasi yake haikujazwa. Uswidi, iliyokuwa icheze nayo, ikapita hadi robo fainali bila kugusa mpira. Huko ikakutana na Kuba, ambayo ilikuwa imelazimika kucheza na Romania mara mbili, sare ya 3-3 kisha 2-1 katika mechi ya marudio. Uswidi ikashinda 8-0. Halafu ikafungwa na Hungaria katika nusu fainali na Brazili katika mechi ya mshindi wa tatu, ikamaliza ya nne duniani kwa ushindi wa mechi moja. Kwenye mchoro, nafasi tupu ni mstari mfupi tu, lakini uwanjani ni siku za kupumzika ambazo mpinzani hakuzipata.

Dhana: Ukihamia kwenye ligi, tatizo la namba witiri linaisha.

Linabadilika sura. Ligi ya timu 11 ina mechi 11 × 10 ÷ 2 = 55 kwa mzunguko mmoja, mara tano na nusu ya zile 10 za mtoano. Kwa uwanja mmoja unaobeba mechi 2 kwa siku, mtoano unahitaji siku 6 za mechi, ili timu isicheze nusu fainali na fainali siku moja, na ligi inahitaji 28. Hapa mara nyingi uamuzi wa mfumo unakuwa umeshafanyika wenyewe.

Wengi huhesabu kwamba kila timu ina mechi 10, kwa hiyo raundi ni 10. Hapana, ni 11, kwa sababu kila raundi ina mechi 5 na timu moja inayopumzika. Namna ya kupanga ni kuongeza timu ya kubuni, iite Mapumziko, na kuipa namba 12. Raundi ya kwanza panga 1-12, 2-11, 3-10, 4-9, 5-8, 6-7. Kisha namba 12 ibaki mahali pake, zingine 11 zisogee hatua moja kwa kuzunguka: raundi ya pili inakuwa 11-12, 1-10, 2-9, 3-8, 4-7, 5-6. Ukiendelea hadi raundi ya 11, kila timu itakuwa imekutana na zote na imepumzika mara moja tu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na mtoano: kule baadhi wanapita na wengine hawapiti, huku kila mmoja anapata zamu yake.

Zamu hazifanani, hata hivyo. Kwa mpangilio huu anayepumzika raundi ya mwisho ni namba 2, na yeye amemaliza mechi zake wakati wengine bado wana moja mkononi na wanajua pointi wanazohitaji. Katika Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania, tarehe 25 Juni mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kwamba ushindi mwembamba wa Ujerumani ungezivusha zote mbili, kwa sababu Aljeria ilikuwa imemaliza mechi zake jana yake. Bao likapatikana mapema, kisha mpira ukachezwa bila nia hadi mwisho, 1-0, Aljeria nje. Tangu Kombe la 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Ligi ya timu 11 haiwezi kutumia kinga hiyo kikamilifu, kwa kuwa timu moja haina mechi ya siku hiyo. Kinachowezekana ni kuchezesha zile 5 kwa wakati mmoja kama viwanja vipo, au angalau zinazoamua ubingwa, na kugawa namba kwa kura mbele ya viongozi wa timu zote, ili namba 2 asipatikane kwa mkono wa mtu.

Dhana: Jedwali la msimamo likijumlishwa vizuri kwa kila timu, liko sahihi.

Lihakiki kwa ujumla wake. Mabao ya kufunga ya timu zote lazima yalingane na ya kufungwa ya zote, na tofauti za mabao zikijumlishwa zitoe 0. Pointi zote ziwe 3 kwa kila mechi yenye mshindi na 2 kwa kila sare: mechi 55 zikiwa na sare 14 zinatoa 41 × 3 + 14 × 2 = 151. Ukipata 150, kuna uwezekano mkubwa kwamba sare moja imeandikwa kwa timu moja na kusahauliwa kwa nyingine, na utaiona kwa kutafuta timu yenye mechi 9 badala ya 10.