Njiti kifuani kwa mama: joto na maziwa

"Mdogo wangu amejifungua njiti wa kilo 1.4. Manesi wamemvua mtoto nguo, wakamfunga kifuani kwa mama yake kwa kanga. Kwa nini wasimfunike tu mablanketi? Na atanyonyaje?"

Blanketi halitoi joto, hutunza tu lile alilonalo mtu, na njiti analo kidogo mno. Ngozi yake ni nyembamba, na mafuta maalumu ambayo kichanga huyachoma ili apate joto hujikusanya zaidi katika wiki za mwisho za mimba, ambazo yeye hakuzifikia. Hata kutetemeka hawezi. Akipoa, sukari na oksijeni ambazo zingemkuza huishia kwenye kupambana na baridi. Kifua cha mama kina joto usiku kucha, umeme uwepo usiwepo.

Njia hii ilianza Bogota, Kolombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Wengi bado wanaiona ni ya hospitali zisizo na vifaa. Sivyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa njiti waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo, kuliko waliosubirishwa kwanza mpaka hali itulie.

Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu. Anasimamishwa katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande. Ukingo wa juu wa kanga unafika chini ya sikio, ili shingo isilegee. Hapo ndipo pa kuangalia sana: kidevu kikiangukia kifuani, njia ya hewa inajikunja na mtoto anaweza kuacha kupumua. Mama akae ameegemea, asilale chali kabisa. Akiona midomo inageuka bluu, amsugue mgongo na aite nesi papo hapo. Miguu ikiwa ya baridi, joto lipimwe kwapani. Linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5.

Kuhusu kunyonya, wengi hawawezi kupatanisha kunyonya, kumeza na kupumua kabla ya wiki ya 32 hadi 34 ya mimba. Kwa hiyo mama anakamua, mtoto anapewa kwa mrija au kikombe. Kugusana ngozi huamsha homoni inayosukuma maziwa yatoke, ndiyo maana wengi hukamua vizuri zaidi mtoto akiwa kifuani. Siku za mwanzo anapewa kidogo, kisha anaongezewa taratibu. Akifikia mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, huyu wa kilo 1.4 atahitaji 210, yaani kama 17 au 18 kila baada ya saa mbili. Akianza kulamba chuchu, aachwe ajaribu, hata kama kwanza atanyonya mara mbili tatu kisha asinzie. Kiasi kilichobaki apewe kwa kikombe.

Mama akienda kuoga, baba avue shati ashike zamu.