Kwa nini "hajalipa" limekuwa maneno sita

"Neno ni moja tu, 'hajalipa'. Mbona kwenye Kiingereza umeandika maneno sita? Tafsiri nzuri si neno kwa neno?"

Ndugu mteja,

Imani hiyo ni ya siku nyingi, na kwa lugha hizi mbili haiwezi kusimama. "Hajalipa" huandikwa kama neno moja, lakini ni sentensi kamili. "Ha-" inakanusha na papo hapo inamtaja mtu wa tatu, mmoja. "-Lip-" ni kitendo. Katikati kuna "-ja-", na hapo ndipo uzito wote ulipo: malipo hayajafanyika hadi sasa, ila bado yanangojewa.

Kiingereza hakina kiambishi kama hicho, kwa hiyo nimelazimika kuongeza neno lenye maana ya "bado". Nikiliacha, msomaji anaweza kuelewa "hakulipa", yaani muda ulipita na jambo limefungwa. Barua yako ni ya kumdai mpangaji kodi ambayo bado unaitarajia, na sitaki ilegee kwa sababu ya neno moja.

Isitoshe, "ha-" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, ilhali kiwakilishi cha kawaida cha Kiingereza kinachagua. Barua haikuonyesha jinsia, nami sikutaka kubahatisha, ndiyo maana nimeandika "mpangaji" waziwazi.

Kuhusu gharama, usiwe na wasiwasi: ninahesabu maneno ya matini chanzi, yaani barua yako ya Kiswahili, kwa hiyo "hajalipa" limehesabiwa mara moja tu.

Wako,
Mfasiri