Fedha ya usajili si bei ya mtoto

Fedha ya usajili ni malipo ambayo klabu humpa mchezaji mwenyewe kwa kukubali kuitumikia kwa muda uliotajwa katika mkataba, na hulipwa mbali na mshahara. Hata hivyo, kila kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza, mtaani husemwa kuwa "ameuzwa", na wazazi huanza kuulizwa wamepokea kiasi gani.

Bei inayozungumzwa huko ni ada ya uhamisho, ambayo klabu hulipa klabu nyingine ili imwachie mchezaji kabla mkataba wake haujaisha. Kijana anayetoka timu ya vijana, ambaye hajawahi kuwa na mkataba wa kulipwa, hana mkataba wa kununuliwa. Kituo kilichomlea kinaweza kudai fidia ya mafunzo, lakini hilo ni deni la klabu inayomsajili, na halipaswi kukatwa kwenye fedha ya kijana. Wapo mawakala wanaopenda kuzichanganya hizi tatu, na sidhani kama huwa wanapitiwa.

Tuseme kijana wa miaka 17 hapa Tanzania amepewa mkataba wa miaka mitatu, fedha ya usajili shilingi milioni 12 na mshahara wa laki sita kwa mwezi. Milioni 12 hizo huenda zikagawanywa: nne anaposaini, nne mwanzoni mwa msimu wa pili na nne mwanzoni mwa wa tatu, kwa hiyo familia isiagize mabati kwa hesabu ya 12. Mkataba ukisema tu "italipwa kwa awamu" bila kutaja tarehe, mzazi aombe tarehe ziandikwe kabla hajasaini pamoja na mwanawe. Laki sita nazo, kama zimeandikwa kabla ya makato, zitapungua kwa kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Klabu ikimnyima mishahara ya miezi miwili kinyume cha mkataba, kanuni za FIFA zinamruhusu kuiandikia notisi ya siku 15 zisizopungua, na isipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali; ndiyo maana nakala ya mkataba ikae nyumbani, isibaki kwa wakala peke yake.

Kuhusu hofu kwamba kijana amefungwa maisha, kanuni hizohizo haziruhusu aliye chini ya miaka 18 kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Kwa mkataba wetu wa mfano, kipengele cha klabu kujiongezea mwaka wa nne hakitatambuliwa na FIFA.

Kwa hiyo jirani akiuliza mtoto ameuzwa kwa kiasi gani, ajibiwe kwa upole kwamba ameajiriwa kwa miaka mitatu, na fedha ya usajili ni yake mwenyewe.